Shukrani baada ya msiba: tuanze lini, na tufike mpaka kwa nani?

Kitindamimba

Habari za humu ndani, na wakubwa wote shikamooni.

Tumempoteza baba. Msiba ulikuwa nyumbani kwetu Tabata, kisha tukamsafirisha kwenda kumzika Same. Tumesharudi Dar wote isipokuwa mama, amebaki kijijini na shangazi. Kuna jambo limetugawa watoto watatu, na ningependa kusikia kwa watu waliolipitia.

Watu walitushika mkono kweli kweli. Jirani tunayepakana naye ukuta alifungua geti lake tangu siku ya kwanza. Uani kwake ndiko kulikopikiwa, choo chake kikatumika, maji ya tanki lake yakatumika. Mama wa nyumba ya tatu alishika funguo za stoo na kuongoza jiko. Vijana wa mtaa walilala nje na sisi chini ya turubai. Mjumbe alizunguka na kaka kufuatilia karatasi za kusafirisha mwili. Jumuiya yetu ya usharika ilikuja kila jioni kwa ibada. Ofisi ya dada ilitoa Kosta ya kutupeleka Same na kuturudisha. Hapo sijataja walioandikwa kwenye daftari la rambirambi na waliotuma kwa simu.

Makaburini msemaji wa familia alitoa neno la shukrani kama ilivyo kawaida. Kaka anasema hilo linatosha kwa sasa, tungoje arobaini tuwaite wote waje kula, tuwashukuru kwa pamoja. Dada anasema ujumbe mmoja kwenye magrupu unatosha na uende leo hii. Mimi roho yangu inakataa yote mawili. Arobaini naiona mbali, na ujumbe mmoja unampa yule mama wa jikoni maneno yale yale anayopewa mtu aliyeandika "poleni" akaendelea na shughuli zake.

Naombeni mawazo. Tuanze lini, na upana wake uwe wapi?

Msumari

Poleni sana kwa msiba. Kaka yako yuko sahihi na msikilizeni. Shukrani ya msiba haitolewi kabla ya arobaini. Mkianza kuzunguka sasa hivi mnagonga mageti, watu watasema machozi yamekauka upesi. Kwanza nyinyi wenyewe bado mmechoka, maneno hayatatoka vizuri. Subirini arobaini, chinjeni, iteni watu, semeni asante mara moja, mambo yaishe.

Umm Salha wa Tanga

Kitindamimba, poleni, Mungu awape subira.

Msumari, hapo kwenye "haitolewi" naomba nikukatalie kwa heshima. Huku kwetu tanga huanuliwa siku ya tatu, na siku hiyo hiyo baada ya hitima mkubwa wa familia husimama akawashukuru waliohudhuria. Kesho yake vijana wanaanza kurudisha vyombo, na kila nyumba wanayopeleka chombo wanatoa asante mlangoni. Hakuna anayesubiri siku arobaini kwa jambo hilo. Arobaini wenyewe wapo wanaoifanya na wapo wanaoikataa kabisa, kwa hiyo ukiifunga shukrani kwenye arobaini, wale wasioifanya washukuru lini?

Kwenye dini yetu msingi uko wazi. Mtume alipopata habari kwamba Jaafar bin Abi Talib ameuawa Muuta, aliagiza watu wawapikie jamaa zake, kwa sababu wamefikwa na jambo lililowashughulisha. Ndiyo maana huku msiba ukitokea, sinia zinatoka kwa majirani kwenda kwa wafiwa. Na ametufundisha kwamba asiyewashukuru watu hajamshukuru Mungu. Sikuona popote palipowekwa muda wa kungoja.

Ila kuna mtu mmoja ambaye kwetu hatoki kwenda kushukuru, naye ni mjane aliye eda. Miezi minne na siku kumi anakaa nyumbani kwake. Kushukuru kwa miguu ni kazi ya watoto na ndugu wa marehemu. Majirani wakitaka kumwona wanamfuata yeye. Nimeona familia zikimlaumu mjane kwamba hakuja kusema asante, na hiyo ni dhuluma. Nyie ni Wakristo najua, lakini naye mama yenu msimpe kazi hii.

Mlimani_2

Poleni. Hata sisi haya yalitukuta. Kamati ilivunjwa tukaachiwa deni la jeneza na deni la gari, na mwenyekiti wa kamati simu hapokei. Mpaka leo mwenye gari anatupigia. Ushauri wangu, kabla hamjamaliza msiba hakikisheni nani anadaiwa, kamati au familia. Iandikwe.

Kitindamimba

Mlimani_2, poleni na nyinyi. Kwetu madeni hayapo, mweka hazina alilipa kila kitu na daftari tumekabidhiwa. Ninachouliza ni shukrani tu.

Umm Salha, hilo la mama limenigusa. Dada alikuwa ameshaanza kusema mama akirudi Dar tumzungushe mtaani.

mzee_wa_daftari

Kijana, poleni. Nimekuwa katibu wa kamati za misiba mtaani kwetu kwa miaka mingi, kwa hiyo nitakueleza kwa urefu kidogo.

Nyinyi watatu mnabishania kitu kimoja, na kumbe ni shukrani tatu tofauti, kila moja na wakati wake. Ile ya makaburini imeshatoka. Lakini angalia ni nani aliyeisikia: waliofika Same. Yule mama wa jikoni alisafiri? Mara nyingi anayeongoza jiko anabaki nyuma kukusanya masufuria, kufagia na kulinda nyumba wakati nyie mko njiani. Vijana waliolala nje nao nafasi kwenye Kosta hawakupata. Kwa hiyo waliobeba mzigo mkubwa zaidi Dar ndio ambao mpaka sasa hawajasikia neno lolote kutoka kwenu.

Hao ndio wa kwanza, na wao hawasubiri. Wiki hii mliyorudi ndiyo yao. Jioni, baada ya watu kurudi kazini, nendeni wawili au watatu kwa miguu, mmoja wenu awe kaka mkubwa au baba mdogo, mtu ambaye akisimama mlangoni inaeleweka kwamba ni familia imekuja. Hamkai muda mrefu. Mnasema mmerudi salama, mnaeleza kwa kifupi mazishi yalivyokwenda, kwa sababu huyu mtu aliuhudumia msiba na hajui ulivyoishia, halafu mnamshukuru kwa kile alichofanya, mkikitaja. "Mama, tunajua usiku ule wageni wa Same walipofika saa saba wewe ndiye uliyeamka ukawasha jiko." Sentensi kama hiyo inatosha.

Sasa kuna tatizo ambalo familia nyingi hazilioni. Wanachukua daftari la rambirambi, wanaanza kushukuru kuanzia juu kwenda chini. Daftari limeandika waliotoa hela. Halikuandika aliyechota maji, aliyemenya vitunguu, aliyekesha, aliyeshika watoto wenu mkiwa mochwari. Mkilifuata daftari peke yake mtamshukuru mtu wa elfu hamsini na kumsahau mtu wa usiku minne. Orodha ya mikono anayo yule mama aliyeshika funguo za stoo. Nendeni kwake wa kwanza kabisa, mkimaliza kumshukuru muulizeni: "Mama, nani wengine walikuwa na wewe?" Atawatajia majina ambayo hakuna hata mmoja wenu anayeyajua.

Mama Wawili

Mzee, shikamoo. Umesema kweli tupu. Mimi ndiye huyo mama wa jikoni kwenye mtaa wetu, kwa hiyo naongea nikiwa upande wa pili.

Watu wanadhani tunataka bahasha. Hatutaki. Kuna familia moja ilituma kijana na bahasha ya elfu kumi kumi kwa kila aliyepika, wenzangu wawili walilia. Walikuja kumsaidia jirani, wakalipwa kama kibarua. Kama kuna mchele, sukari na mafuta vilivyobaki stoo, hivyo vigawieni waliopika siku ile ile msiba unapokwisha, hilo halina ubaya na ndiyo kawaida. Ikishapita siku, mkileta, leteni kitu kidogo cha mkononi kama sukari na majani, mkiwa wenyewe.

Kinachouma kuliko vyote ni vyombo. Msibani kila mwenye sahani huziweka alama chini, mwingine kwa rangi ya kucha, mwingine kwa uzi mwekundu kwenye mkono wa sufuria, ili baadaye zisichanganyike. Msiba ukiisha, zinarundikwa uani. Familia inasafiri, inarudi, bado ziko pale. Mimi sufuria yangu kubwa ya pilau imewahi kurudi nyeusi ti na mfuniko wa mtu mwingine. Mwenye msiba akaja kunishukuru vizuri sana kwa maneno, na mimi nikawa natazama mfuniko tu.

Kwa hiyo kabla hamjatoka kushukuru, ingieni uani. Sugueni, hesabuni, soma alama, kila chombo kirudi kwa mwenyewe na mfuniko wake. Na kilichovunjika au kupotea semeni wenyewe na mkinunue kabla hamjaulizwa. Ukigonga mlango mkononi una sinia ya mtu imesuguliwa, hata maneno yakikukwama atakuelewa.

Msumari

Sawa, vyombo nakubali virudi mapema. Lakini hamjanijibu. Ukishapita nyumba kwa nyumba wiki hii, arobaini utawaita watu kwa sababu gani? Unamaliza maneno yote mwanzoni.

mzee_wa_daftari

Msumari, unachosema kina ukweli wake. Mkusanyiko mkubwa wenye chakula ukae kwenye arobaini au siku ya kuweka msalaba na kujenga kaburi, maana siku chache baada ya mazishi familia haina nguvu ya kuandaa, na majirani nao wamechoka, ukiwaita unawapa kazi ya kupika upya. Hapo tuko pamoja. Lakini siku hiyo watu wanakuja kumwombea marehemu. Kushukuru kutasemwa tena, hakuna aliyewahi kukasirika kwa kushukuriwa mara mbili. Kukaa mwezi na zaidi unapishana barabarani na mtu aliyekesha kwako, humwambii kitu kwa sababu unangoja tarehe, hiyo ndiyo inaacha donge.

Mbeba Boksi

Poleni wana Tabata. Mimi niko nje, na nataka kuongeza upande wetu sisi wa mbali. Msiba wa mwaka jana wa rafiki yangu nilituma mchango kupitia kwa binamu yake. Mpaka leo sijui kama ulifika. Sihitaji kushukuriwa, nataka tu kujua kwamba hela haikuishia njiani. Nimeshindwa hata kumuuliza mwenye msiba kwa sababu itaonekana nadai asante.

mzee_wa_daftari

Hiyo ni kazi ya mweka hazina, na inafanyika siku ile ile: "Imepokelewa, asante." Maneno mawili. Familia haipaswi kubeba hilo wakati inalia. Kitindamimba, kwa kuwa daftari mmekabidhiwa, linganisheni na ujumbe wa miamala kwenye simu ya mweka hazina kabla hajaufuta. Mtu akiweka hela kupitia kwa wakala linakuja jina la wakala, na mwingine anatumia laini ya mke wake. Mtakuta majina hamyajui. Msiyaache hivyo. Pigeni namba, au ulizeni kwenye grupu, "nani alituma siku fulani kupitia kwa wakala wa Ubungo?" Msitaje kiasi.

Kidau wa Mombasa

Poleni sana. Huku Kenya mambo ya shukrani yako wazi zaidi. Kwenye grupu la mchango, mweka hazina anaweka orodha kila jioni: jina na kiasi, jina na kiasi. Baada ya mazishi jumla inasomwa na kila mtu anashukuriwa hapo. Na familia nyingi zenye uwezo hutoa tangazo la shukrani gazetini, lina picha ya marehemu, linashukuru madaktari, kanisa, wafanyakazi wenzake, marafiki. Naona ni vizuri, hakuna anayeshuku kitu.

Mama Wawili

Kaka Kidau, jina na kiasi mimi siafiki. Kuna mjane hapa mtaani alitoa elfu mbili na kuni. Ukimwandika chini ya mtu wa laki tatu umemshukuru au umemwanika?

Kidau wa Mombasa

Dada, nakuelewa, lakini ukificha kiasi, anayekula hela za msiba utamjuaje? Hapa kwetu orodha ya wazi imezuia mengi.

mzee_wa_daftari

Kwetu tunaweka jumla ya mapato na jumla ya matumizi, na daftari liko kwa mweka hazina, anayetaka kuona jina lake anaonyeshwa. Lakini najua kamati zinazoweka kila kitu wazi na zinakwenda vizuri. Hili mtaamua kwa jinsi mtaa wenu ulivyozoea. Ninachosisitiza mimi ni kwamba hesabu iende kama hesabu, na shukrani iende kama shukrani, kwenye ujumbe tofauti. Mkiweka pamoja, watu watasoma tarakimu tu.

Fundi Turubai

Mimi nakodisha maturubai na viti. Tumelipwa, kwa hiyo msituhesabu kwenye orodha ya kushukuru. Mkirudisha viti kwa idadi ile ile mmetushukuru. Ila kuna dereva au mpishi wa kukodi mwingine anafanya kupita malipo yake, anawasubiri mpaka usiku bila kuongeza bei. Huyo mpigieni simu.

Kitindamimba

Asanteni sana wote. Nimewasomea dada na kaka. Jana tuliingia uani tukasugua vyombo, kaka mwenyewe alikunja mikono ya shati. Alama za rangi ya kucha zipo kweli, sikuwahi kuziona maishani mwangu! Kuna chupa mbili za chai hatujajua mwenyewe.

Nimeandika ujumbe wa magrupu, naombeni mnirekebishe kabla sijautuma:

"Familia ya marehemu inapenda kuwashukuru wote, kwa namna ya pekee Mama wa nyumba ya tatu, jirani yetu wa karibu, Mjumbe, Mwenyekiti wa kamati, Mchungaji, Mkurugenzi wa ofisi ya dada yetu, kwaya, na wengine wengi ambao hatuwezi kuwataja. Pia tunawashukuru waliochanga kiasi kikubwa kufanikisha usafiri. Mungu awazidishie mlipopunguza."

Umm Salha wa Tanga

"Waliochanga kiasi kikubwa" iondoe, mwanangu.

mzee_wa_daftari

Na majina yote yatoke. Ukitaja sita, wa saba anajitafuta. Orodha ya hadharani haina mwisho mzuri: ama unasahau mtu, ama inakuwa ndefu hakuna anayeisoma. Hadharani taja makundi na kazi zilizofanyika, ili kila mtu ajione humo ndani. Majina mtayataja mlangoni. Ningeandika hivi:

"Familia yetu ya Tabata na Same inawashukuru majirani, wanajumuiya, wafanyakazi wenzetu, ndugu na marafiki kwa kutushika mkono tangu baba alipougua hadi tulipompumzisha. Mlipika, mlikesha, mlisafiri, mlichanga, mlituombea, na wengine mlitufungulia nyumba zenu. Tunaendelea kupita kwenu kuwashukuru ana kwa ana. Mama yuko Same na ndugu, anaendelea vizuri. Mungu awabariki sana."

Habari ya mama nimeiweka kwa makusudi. Watu wengi watataka kuuliza, na mkiwajibu humo mnapunguza simu ishirini. Sentensi ya kupita ana kwa ana iandikeni ikiwa kweli mnapita.

Na jambo la mpangilio. Ujumbe huu usitangulie miguu yenu. Ukitoka leo asubuhi, mama wa jikoni atausoma kwenye simu yake kabla hajawaona, na mkija jioni mtakuwa mnarudia alichokwisha soma pamoja na watu mia mbili. Piteni kwanza kwa waliotumika kwa mikono, hata kama ni jioni moja mmemaliza nyumba tano za karibu, halafu kesho yake ujumbe utoke. Msiucheleweshe zaidi ya hapo, kwa sababu wa mbali nao wanangoja.

Nikupe mfano wa familia moja tuliyoihudumia, daftari lilikuwa na majina zaidi ya mia mbili. Walipitia nyumba kama kumi na tano kwa jioni mbili, basi. Ofisini walipeleka barua moja ya shukrani kwa mkuu wa ofisi, ikabandikwa ubaoni. Kwenye jumuiya hawakuzunguka, walihudhuria siku ya ibada ya jumuiya, mkubwa wao akasimama dakika mbili. Jumapili walitoa shukrani kanisani. Waliobaki wote walipata ujumbe. Mia mbili zilikwisha ndani ya siku kumi bila mtu kuchoka.

Mama Wawili

Na nyie wa KKKT Jumapili mnaweza kwenda mbele na sadaka ya shukrani, kwaya inaimba. Hapo usharika mzima umeona.

Msumari

Mzee, na walioko Same? Maana hao ndio waliochimba kaburi. Mmezungumzia Dar tu.

mzee_wa_daftari

Swali zuri sana. Kijijini kaburi huchimbwa na vijana wa kitongoji, na mara nyingi watoto wa mjini wanafika jeneza likiwa garini, wanazika, wanalala, asubuhi wanapanda gari. Hawajui hata sura za waliochimba. Kitindamimba, nani alibaki na mama?

Kitindamimba

Shangazi na baba mdogo. Kweli kabisa, waliochimba siwajui. Walikuwa wameshamaliza tulipofika, na udongo waliufukia wao.

mzee_wa_daftari

Basi leo mpigie baba mdogo. Mwambie akawaone kwa niaba yenu, aanze na mwenyekiti wa kitongoji, na Jumapili atoe neno kanisani kule. Desemba mkipanda kwenda nyumbani, nendeni wenyewe. Lakini Desemba iwe ya pili. Mkiwasubirisha hadi Krismasi bila neno lolote, watasema wa Dar wanatujua tukiwa na jembe.

Kitindamimba

Wakubwa, narudi na taarifa. Tumempigia baba mdogo, tayari ameonana na mwenyekiti wa kitongoji. Hapa Dar tumepita jioni mbili. Mama wa jikoni alitutajia majina tisa, manne kati yao hatukuwahi kuyasikia. Mmoja ni binti wa kazi wa nyumba ya kona, alikuwa anakuja kuosha vyombo usiku bosi wake akishalala. Kijana aliyekuwa anachochea moto usiku tulimkosa nyumbani kwao, tukampata kijiweni kwenye bodaboda, kaka akamshukuru mbele ya wenzake. Kijana hakujua aangalie wapi.

Ujumbe wa magrupu ulitoka asubuhi iliyofuata, kama alivyoelekeza mzee. Ofisini kwa dada barua imekwenda. Zile chupa mbili za chai zimepata wenyewe kwa ujumbe ule ule, mtu alijibu, "poleni, na chupa zangu je?"

Kilichobaki kinatusumbua ni jirani wa ukuta. Tulipofika alitupokea vizuri, akasema hakufanya kitu. Wakati tunatoka mtoto wake mdogo akasema, "baba, maji bado hayajatoka." Tukajua kwamba tanki lake la lita elfu moja lilikauka kwenye msiba wetu, bomba la mtaa nalo linatoka kwa mgao, na bili ya mwezi ule lazima ilipanda. Yeye hakusema neno. Kaka anataka apeleke hela ya bili. Mimi nakumbuka alichosema Mama Wawili kuhusu bahasha. Tufanyeje?

Kidau wa Mombasa

Lipeni bili. Lipa kwa simu, kimya kimya. Akipata ujumbe wa malipo ataelewa.

mzee_wa_daftari

Mimi nisingegusa bili yake, ni karatasi ya nyumba ya mtu. Iteni boza lijaze tanki. Maji yaliyotumika yamerudi maji, hakuna hela iliyoshikwa mkononi. Mwambieni mapema lakini, boza lisifike getini kwake bila habari.

Umm Salha wa Tanga

Mimi naona Kidau naye ana hoja. Tanki ni la siku moja, bili ni ya mwezi mzima. Na vyoo je, haikuhitaji kunyonywa? Choo kilichotumiwa na watu wa msiba siku zote hizo hujaa.

Kitindamimba

Choo sikukifikiria kabisa. Boza tumeshaliita, linakuja kesho saa mbili asubuhi. Kaka bado anang'ang'ania bili.

Mama Wawili

Msimuulize yeye, atakataa yote. Kesho boza likiwa linajaza, dada yako akae na mke wa jirani, amuulize habari ya choo. Wanawake tutaambiana.